Mchanga Ndani ya Krimu ya Wifi

Majirani walimwita Pilika, kwa kufupisha pilikapilika, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Alikuwa mwanamke wa kula amesimama na kumjibu mtu kabla hajamaliza kuuliza. Mume wake, fundi saa, alipenda kuwaambia wateja kwamba nyumbani kwake saa zote ziko sawa, ila mke yuko mbele. Pilika aliusikia utani huo mara nyingi na kuucheka, lakini kila alipoucheka alikuwa ameshafika mlangoni.

Riziki yake ilikuwa krimu. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na chumba kidogo chenye meza ya bati, jiko la umeme la sahani moja, mizani ya kupimia vitu vyepesi na kipimajoto kirefu kilichokuwa kikining'inia ukutani kwa uzi. Humo alitengeneza krimu za uso zisizo na manukato wala rangi, na saluni za karibu zilizinunua kwa ajili ya wateja wenye ngozi nyeti, wale ambao sabuni ya kawaida tu inawawasha na vumbi kidogo linawatoa madoa mekundu. Watu hao wakipata kitu kisichowachoma hawakiachi. Walikuwa wakimtumia salamu kupitia kwa wasusi, na zile salamu zilimtia moyo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mtu mwenye ngozi nyeti kuliko wote aliowajua alikuwa ndani ya ukoo wake, na ndiye pekee ambaye hakuwahi kumwomba hata kikopo kimoja. Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa fundi saa, mwoka mikate, aliyemlea mdogo wake tangu wazazi walipofariki mpaka akamwoza. Wifi alikuja kusalimia mara chache, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai nusu kikombe na kuaga. Ile nusu iliyobaki ndiyo iliyomla Pilika roho miaka yote. Kila alipokwenda kumwaga chai ile alijiambia, huyu hanitaki, na mdogo wake hajui kama hanitaki.

Kwa hiyo siku wifi alipokuja mchana, akakaa, akagusa mashavu yake yaliyowiva na kusema, "Wifi, nimekuja nina shida," Pilika nusura aangushe birika.

"Sema, wifi. Shida gani?"

"Huu uso. Tanuri linanichoma, jasho linanichoma, nikioga ndiyo kabisa. Nimevumilia nikachoka. Mwanamke mmoja pale kazini ananiambia, wifi yako anawaponya watu wewe unahangaika. Nikaona aibu."

"Unanawa na nini?"

"Sabuni ya kufulia. Na maji ya moto, yatoe unga."

Pilika alifumba macho kidogo. "Na kujifuta?"

"Taulo. Nasugua vizuri mpaka ngozi inalia."

"Wifi, hiyo ngozi haikukosea kulia," Pilika akasema, na wote wawili wakacheka. Katika miaka yote hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja kwa jambo moja.

Alimweleza. Kwanza aachane na sabuni ya kufulia, achukue ya kunawia uso isiyo na harufu. Maji yawe ya uvuguvugu, taulo liguse tu, lisisugue. Halafu, uso ukiwa bado una unyevu, krimu. Mchana akitoka juani ajipake na kinga ya jua. Basi, hakuna kingine. Ngozi ya namna hiyo haitaki wageni wengi.

"Na humo kwenye krimu unaweka nini?" wifi akauliza. Alikuwa mtu wa kuuliza kabla ya kula.

Pilika akamfungulia kabati. Alimwonyesha chupa yenye maji ya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani. "Hii ni sentela, mmea unaotambaa kwenye unyevunyevu, majani yake madogo ya mviringo. Wanaukamua na kuusafisha huko viwandani, siyo majani ya kutwanga. Kazi yake ni kutuliza ule wekundu, na kusaidia ngozi iliyojeruhiwa ijiunge." Akainamisha chupa nyingine, na kitu kizito cheupe kikatambaa taratibu mithili ya asali. "Hii panthenoli. Ikiingia kwenye ngozi inageuka vitamini. Inavuta maji na kuyashika, inasaidia kujenga ule ukuta wa nje. Ukuta wako wewe umebomoka, ndiyo maana kila kitu kinapita na kuchoma."

"Na huo unga?"

"Alantoini. Inalainisha magamba makavu na kupoza muwasho, ngozi mpya itokee chini bila kukwaruzwa."

Wifi alitikisa kichwa polepole, akarudia majina yale kwa ulimi mzito na kucheka tena. "Basi nitengenezee. Nina zamu jioni, nitapita kuichukua nikienda." Akaondoka. Kwenye kikombe chai ilikuwa imebaki nusu, lakini siku hiyo Pilika hakuitazama.

Hapo ndipo mtu mwingine angetulia. Pilika hakuwa mtu mwingine. Alikuwa na krimu ya kawaida imejaa kwenye kabati, imeshajaribiwa, inawafaa watu mwaka mzima. Angechukua kopo moja tu akampa. Lakini moyo ulikuwa unamdunda, na moyo unaodunda ni mshauri mbaya. Krimu wanayouziwa watu baki nimpe wifi? Yule aliyemlea mume wangu, aliyenijia na shida yake kwa mara ya kwanza, nimpe kitu cha kabatini? La hasha. Huyu alitaka krimu yake mwenyewe, yenye nguvu. Kama kidogo kinatuliza, kingi kitatuliza zaidi. Ukimuuliza mtoto wa shule atakwambia hivyo hivyo, na atakuwa amekosea hivyo hivyo.

Aliweka maji jikoni. Alantoini yake ya siku zote ilikuwa nusu gramu kwa kila gramu mia za krimu. Akaweka gramu moja na nusu. Ilielea kidogo, maji yalipopata moto ikayeyuka yote, maji yakawa meupe safi unaona chini ya sufuria. Alifurahi. Aliyeyusha mafuta na nta pembeni, akaunganisha, akakoroga mpaka yakawa maziwa mazito. Alisubiri kipimajoto kishuke, maana panthenoli na sentela haziwekwi kwenye moto mkali, na hata kusubiri huko alikusubiri akizunguka meza. Kisha akaimimina panthenoli mara mbili ya kipimo chake, na sentela mara mbili, akatia kihifadhi, akakoroga. Krimu ikageuka rangi ya majani mabichi yaliyofifia. Alijipaka nyuma ya mkono ikiwa bado na joto. Ilikuwa laini ajabu.

Watu wa kazi hii wana desturi moja: krimu isiyolala haitoki. Ukishaijaza kwenye kopo unaiacha mpaka kesho yake, ipoe hadi ndani, halafu unaifungua na kuipima kwa kidole upya, kama hujawahi kuiona. Krimu yenye joto ni mgeni wa siku ya kwanza, tabia zake huzijui. Pilika aliifahamu desturi hiyo, na aliwafokea wengine kwa kutoifuata. Lakini wifi alikuwa njiani. Akimwambia rudi kesho, je, asiporudi? Akarudi kwenye kile kiti chake cha karibu na mlango?

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," akajisemea, akafunga kopo.

Wifi alipopita, Pilika alimkabidhi kwa mikono miwili. "Jipake asubuhi na jioni. Usiogope kusugua, sugua mpaka iingie yote," akasema kwa haraka haraka, yeye aliyekuwa ametoka kumkataza mtu kusugua. Wifi akaishika ile krimu, akasema asante mara mbili, akaenda zake.

Baada ya hapo ikawa kimya. Siku ikapita, na nyingine, na simu haikulia. Pilika alifua vitu vilivyokuwa safi. Alihamisha meza ya bati kutoka ukutani akairudisha. Wakati wa kula alimtazama mumewe kila alipoigusa simu yake.

"Dada hajasema kitu?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu kitu chochote."

Fundi saa alikuwa na saa ya mkononi imefunuliwa mgongo mbele yake, na kijichuma kidogo kati ya vidole. Hakuinua macho. "Mke wangu, mbegu ukiifukua kila asubuhi kuangalia kama imeota, haioti."

"Mimi nimekuuliza kuhusu dada yako, wewe unaniletea kilimo."

Wiki ilipokaribia kwisha hakuweza tena. Alijitanda khanga na kwenda mwenyewe kwenye tanuri la mikate, kwa kisingizio cha kununua mkate, japo mkate ulikuwepo nyumbani na ulikuwa wa tanuri hilo hilo.

Chumba cha kuokea kilikuwa na joto la kumpiga mtu kofi. Mashine ya kukandia ilinguruma pembeni, sinia za mikate ziliingia na kutoka, na katikati ya yote alisimama wifi akiwa na kijiti kirefu cha kuchomolea sinia. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga kuanzia kidevuni mpaka kwenye paji.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibu, ndugu yangu. Leo umepotea njia?"

Mkata donge la unga, bwana mmoja mwenye tumbo na maneno, akadakia kutoka mezani. "Shemeji, wewe ndiye mwenye dawa? Huyu siku hizi unga hatumpaki, unampanda wenyewe. Juzi kidogo tumtie tanurini."

Wafanyakazi wakacheka na wifi naye akacheka. Pilika alitabasamu, lakini ndani alishajua jambo la kwanza. Panthenoli ikizidi inanata. Alimpaka gundi mtu anayefanya kazi kwenye unga.

"Inakusumbua, wifi?"

"Haa, unga nimeuzoea. Na mto wa kulalia umepata rangi ya kijani kidogo, nimeufua. Lakini dawa inafanya kazi. Nasikia kabisa inavyokwangua."

"Inavyo nini?"

"Inavyokwangua. Si ulisema inaondoa magamba?"

Wifi alichukua kitambaa chenye maji na kujifuta shavu, na Pilika akaona. Juu ya mfupa wa shavu ngozi ilikuwa imechubuka mistari myembamba, mingi, upande wote, na chini yake wekundu ulikuwa umeongezeka kuliko siku aliyokuja na shida. 

"Kopo liko wapi?"

"Hapo juu."

Lilikuwa kwenye rafu ya matofali juu ya mlango wa tanuri, lina joto la kikombe cha chai. Pilika alilifungua, akachota kwa kidole, akasugua nyuma ya mkono. Laini. Akasugua tena. Laini kabisa, hakuna hata chembe.

"Mbona haina kitu?"

"Hapa huwa hivyo," wifi akasema bila kushangaa. "Nyumbani ndiyo inakuwa na mchanga. Nilidhani mchanga ndiyo dawa yenyewe."

Jamani, kuna wakati mtu anajua asilotaka kulijua, na ulimi unakimbia kumfunika. Pilika alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, kwa ukali wa fundi aliyeharibiwa kazi, "Wifi, krimu gani inawekwa juu ya tanuri? Joto ndilo limeiharibu. Dawa haiwekwi kwenye moto, jamani, hata mtoto anajua."

Mashine iliendelea kunguruma. Mkata donge aliinamia meza yake na kujifanya ana kazi. Wifi alikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka chini.

"Samahani, wifi," akasema, mwanamke mtu mzima yule, mbele ya wenzake. "Sikujua. Ulijitesa bure kunitengenezea."

Pilika aliondoka na kopo ndani ya mfuko, bila mkate. Alitembea mbio. Aliona haya hata kumpungia mkono mtu aliyemwita kutoka ng'ambo ya barabara. 

Alipofika chumbani kwake alifungua kopo. Lilikuwa limepoa njiani. Aliliacha kwenye sahani ya maji baridi huku akizunguka, akarudi, akachota kwa kidole. Mchanga. Chembe ndogo zenye makali, zinasikika chini ya ngozi ya kidole kama sukari. Akaliweka kopo kwenye bakuli la maji ya moto, akasubiri, akachota tena. Laini. Akalirudisha kwenye baridi, na mchanga ukarudi, na safari hii chembe zilikuwa kubwa kuliko mwanzo.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akazikumbuka zile gramu. Maji ya baridi yanabeba alantoini kidogo tu, kama ile nusu gramu yake ya siku zote. Ya moto yanabeba zaidi, na ndiyo maana sufuria ilimdanganya kwa weupe wake. Yakipoa yanaitema ile ya ziada, na inaganda kuwa sindano. Kila siku wifi aliibeba krimu ikayeyuka kwenye tanuri, akairudisha nyumbani ikaganda upya, na kila ikiganda zile sindano zilikua. Halafu akaisugua mpaka iingie, kama alivyoambiwa. Kitu cha kulainisha ngozi kilikuwa kimegeuzwa msasa, na kingeonekana mapema kabisa kwa kidole kimoja laiti krimu ingelala usiku ule mmoja. Joto la tanuri halikuharibu chochote. Joto ndilo lililokuwa likilificha kosa, na mahali pekee ambapo wifi hakuumia ni pale pale alipofokewa.

Mumewe alimkuta bado amekaa. Hilo lenyewe lilimtisha, akauliza kama kuna msiba. Pilika alimweleza yote, mpaka samahani ya dada yake mbele ya watu.

Fundi saa alipenda utani lakini huu haukuwa wakati wake. "Dada haombi radhi ovyo," akasema. "Mimi nimeishi naye, najua."

"Natengeneza nyingine sasa hivi. Nikimpelekea iliyo nzuri..."

"Ukimpelekea iliyo nzuri ataamini ile ya kwanza aliiharibu yeye."

Pilika alisimama akawasha jiko, maana mikono yake haikuwa na pengine pa kwenda. Lakini alipima kwa kipimo chake cha siku zote, alantoini ile nusu gramu, panthenoli isiyonata, sentela kidogo ambayo inatuliza bila kumpaka mtu rangi ya nyasi. Alijaza kopo. Alilifunga. Alilitazama lilivyokaa mezani, akalichukua, akaona anataka kutoka nalo, akalirudisha. Kisha akafunga chumba na ufunguo akampa mumewe ili asirudi kuligusa.

Kesho yake alasiri, saa ambazo wifi hayuko zamu, alibisha hodi kwake akiwa mikono mitupu. Tangu aolewe hakuwahi kwenda kwa mtu bila kubeba kitu.

Wifi alikuwa amejipumzisha, kitambaa chenye maji kimefunika mashavu. Alikaa kitako. Pilika hakungoja kukaribishwa kiti.

"Wifi, tanuri halikuharibu kitu. Ni mimi. Nilizidisha ule unga, na nikakupa krimu haijalala, sikuipima. Ule mchanga ni wangu. Nilipoona uso wako niliogopa, nikakusingizia. Naomba unisamehe. Nikitoka hapa nitakwenda kuwaambia na wenzako kazini."

Wifi alikiondoa kitambaa mashavuni. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba si tanuri. Mchanga ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, nilipofika nyumbani, kabla sijaiweka juu ya tanuri. Nikaanza kuiweka pale kwa sababu inalainika."

 "Sasa wifi, kwa nini uliniomba samahani?"

"Mikono yako ilikuwa inatetemeka. Ningefanyaje? Nishindane na mtu anayetetemeka?"

"Na kwa nini uliendelea kujipaka, kama inakuumiza?"

"Uliitengeneza kwa ajili yangu. Nikaona nikiirudisha, hutanipa kitu tena."

Pilika akasema mambo ya kazi, kwa kuwa hayo aliyaweza. Asijipake kitu chochote kwa sasa. Anawe kwa maji ya uvuguvugu tu, na vaselini nyembamba isiyo na harufu, mpaka mchubuko ufunge na kuchoma kuishe. Usipopoa, waende pamoja kwa daktari wa ngozi. Krimu mpya imelala mezani. Ikiamka salama, watajaribu kidogo kwanza ndani ya mkono na kuiacha siku kadhaa, na mkono ukinyamaza ndipo uso. Wifi aliitikia kila neno. Kisha akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili vya chai.

Pilika akapokea chake, akapiga funda moja, akakiweka chini na kusimama. "Nikuache upumzike, wifi, nina..."

"Unaona?" wifi akasema. Hakuwa amekasirika. "Hivyo ndivyo ulivyo siku zote. Nikija kwako unasimama, mara unachungulia jikoni, mara unapanga vitu ambavyo vimepangika. Najiambia, mke wa mdogo wangu ana kazi, namchelewesha. Naacha chai yangu nusu naondoka nikupishe."

Pilika alisimama pale pale, mkono mmoja kwenye khanga. Zile nusu vikombe zote alizozimwaga kwa uchungu zilimjia kwa pamoja. Yote hayo alikuwa akiyasoma kinyume.

"Mimi nilidhani hunitaki," akasema.

"Nani anakunywa chai na mtu aliyesimama?"

Pilika akakaa. Mguu ulimcheza chini ya meza akaukanyaga kwa mguu wa pili. Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, maana mikono ikiwa mitupu aliiogopa, na akanywa huku wifi akimsimulia jinsi fundi saa alivyofumua saa ya kwanza akiwa mdogo na kushindwa kuirudisha. Mara kadhaa aliliwazia lile kopo mezani, kama limetoa chembe au halikutoa. Hakunyanyuka. Wifi alimaliza chai yake yote, akainua kikombe kumwonyesha chini kwamba pamekauka, akauliza kama aongeze, na Pilika akasema ndiyo.